Mpwa Wangu na Saa Tatu za Hollow Knight: Jinsi ya Kusoma Mchezo Ulioachwa

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo mjini Morogoro, aliniomba nimtafutie mchezo wa kompyuta wa kumfaa baada ya kumaliza Celeste. Nilimpendekezea Hollow Knight bila kusita, kwa sababu niliamini kwamba michezo hiyo miwili ni ndugu: yote huchezwa kwa kutazamwa ubavuni, yote hudai vidole vyepesi, na yote imechorwa na kutungiwa muziki kwa uangalifu mkubwa. Wiki tatu baadaye nilimwuliza amefika wapi, naye akanijibu kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakumaliza chakula chake: "Niliuacha, mjomba. Mgumu mno." Ukurasa wake wa Steam, duka la mtandaoni aliponunulia mchezo, ulionyesha kwamba alikuwa ameucheza kwa saa tatu na dakika kumi.

Kama ningelichukua jibu hilo jinsi lilivyo, pendekezo lililofuata lingekuwa mchezo mwepesi zaidi, na ningekuwa nimekosea mara ya pili. Celeste, uliotoka Januari 2018, si mchezo mwepesi hata kidogo. Mchezaji humpandisha msichana mlimani, chumba baada ya chumba, na kila chumba kina miiba na mashimo yanayoua kwa kosa dogo la kidole. Mchezo wenyewe huhesabu vifo na kuviandika katika daftari lake la ndani, sura kwa sura, na mapema kabisa humpa mchezaji kadi ya posta inayomwambia ajivunie hesabu hiyo kwa kuwa kila kifo ni somo. Nilimwomba mpwa wangu anifungulie daftari hilo, nikakuta vifo zaidi ya elfu mbili. Mtu aliyekufa mara elfu mbili akaendelea hadi kileleni hawezi kufukuzwa na ugumu peke yake. Ilikuwa wazi kwamba neno "mgumu" lilikuwa limefunika jambo jingine, na kazi yangu ilikuwa kulifunua jambo hilo kabla sijafungua kinywa kupendekeza chochote.

Nilianza na muda wenyewe, kwa sababu saa ambayo mtu anaacha mchezo husema jambo. Anayeacha ndani ya dakika kumi au ishirini kwa kawaida amekwazwa na kitu cha nje ya mchezo au cha mlangoni mwake: kompyuta inakwamakwama, herufi ni ndogo mno, vitufe vimekaa vibaya, au picha hazikumvutia. Anayeacha baada ya saa ishirini mara nyingi ameshiba tu. Katikati ya hapo, kwenye saa ya pili hadi ya nne, ndipo michezo mingi huacha kufundisha na kuanza kudai. Kuna pia jambo la pesa. Steam hukubali kurudisha fedha za mchezo ulionunuliwa ndani ya siku 14 iwapo umechezwa kwa muda usiofika saa mbili. Mpwa wangu aliuvuka mpaka huo bila kuudai, maana yake ni kwamba kwenye saa ya pili bado alikuwa na nia ya kuendelea. Kilichomtoa kilitokea baada ya hapo. Ni lazima niongeze tahadhari moja: saa ya Steam huhesabu muda wote ambao mchezo uko wazi, hata kama mwenyewe ameuacha ukisimama akaenda kula ugali, kwa hiyo nilimwuliza kwanza kama ana tabia hiyo. Alisema hana, kwa sababu betri ya kompyuta yake haimruhusu kuwa na tabia hiyo.

Ushahidi wa pili ulikuwa kwenye orodha ya mafanikio, zile nishani ndogo ambazo Steam humpa mchezaji anapofikia hatua fulani na kuzipiga muhuri wa tarehe na saa. Watu wengi huziona kama mapambo, lakini kwa anayetafuta chanzo cha kuacha ni kama nyayo kwenye mchanga. Katika orodha ya mpwa wangu kulikuwa na nishani iitwayo Charmed, ambayo hutolewa kwa kupata hirizi ya kwanza, na nyingine iitwayo Falsehood, ambayo hutolewa kwa kumshinda bosi wa kwanza, yaani adui mkuu wa kwanza, askari bandia mwenye rungu zito. Nishani iitwayo Test of Resolve, ya kumshinda Hornet katika eneo la Greenpath, haikuwapo. Kwa hiyo aliacha mahali fulani kati ya bosi hao wawili.

Hapo nilijikuta karibu kuanguka kwenye mtego. Hornet ni mwepesi, hurusha sindano yake, na wachezaji wengi humkumbuka kama mtihani wa kwanza wa kweli. Kisa kilijiandika chenyewe kichwani mwangu: kijana amefika kwa Hornet, amepigwa mara ishirini, amekata tamaa. Kilikuwa kisa kizuri na kilikubaliana na neno "mgumu". Hata hivyo, nishani isiyokuwapo huthibitisha tu kwamba jambo halikukamilika. Haithibitishi kwamba lilijaribiwa. Nilimwuliza, "Ulipigana na Hornet mara ngapi?"

"Yupi huyo, mjomba? Yule mwenye sindano anayenikimbia?"

Swali hilo lilifunga kesi ya Hornet. Katika Greenpath, Hornet huonekana kwa mbali na kutoweka kabla mchezaji hajafika kwenye uwanja wa kupigania. Mpwa wangu alikuwa amemwona akikimbia tu. Hakuwahi kupigana naye, kwa hiyo si bosi aliyemfukuza. Bosi pekee aliyekutana naye kwa ukubwa huo, alimshinda.

Dhana ya vitufe nayo niliipima kwa sababu haikuwa ya kupuuzwa. Kijana hucheza kwa kibodi, hana pedi ya kuchezea michezo. Katika Celeste, kwa mpangilio wa kiwandani, herufi C huruka, X huchupa kwa kasi, na Z hushika ukuta. Katika Hollow Knight, Z ndiyo inayoruka, X hupiga, na C huchupa. Kidole kilichozoea kuruka kwa C kwa saa nyingi hakina budi kusahau na kujifunza upya, na hilo linaweza kumfanya mtu ajione mjinga bila kujua sababu. Lakini aibu ya namna hiyo huuma katika nusu saa ya kwanza kisha hupungua, na mtu ambaye vidole vyake havijakubali hamshindi askari mwenye rungu. Niliiweka dhana hiyo kando bila kuitupa kabisa.

Baada ya kuondoa hayo mawili, nilibaki na haja ya kumhoji mwenyewe, na hapa ndipo wapendekezaji wengi huharibu. Ukimwuliza mtu "kwa nini uliacha", unamtaka awe mchambuzi wa nafsi yake, naye kwa heshima atakutungia sababu. Atachagua ile iliyo karibu mdomoni, ile inayosemwa na watu, au ile isiyokuudhi wewe uliyempendekezea. Ukimwuliza "ulikuwa unafanya nini katika robo saa ya mwisho", unamtaka awe shahidi tu, na karibu kila mtu anaweza kuwa shahidi wa mambo yake. Nilimwomba pia afungue mchezo hadi kwenye ukurasa wa kuchagua faili, ambako huonyeshwa eneo alilolala na idadi ya geo, yaani sarafu za mchezo. Eneo lilikuwa Greenpath, na sarafu zilikuwa chini ya arobaini.

Nilimsikiliza bila kumkatiza. Alisema kwamba baada ya kumshinda askari mwenye rungu alirudi kijijini Dirtmouth akiwa na fedha nyingi kwa mara ya kwanza, akanunua kipande cha barakoa kwa geo 150 akidhani kitamwongezea uhai. Hakikuongeza kitu, kwa kuwa barakoa moja huundwa na vipande vinne. Akaingia Greenpath, akazunguka, akafa kwenye majani. Akarudi kutafuta kivuli chake, kilichobaki na fedha zake pale alipofia, akapotea, akafa tena mahali pengine. Kisha akawa na wiki ya mitihani. Siku nne baadaye aliufungua mchezo usiku, akatokea kwenye benchi moja katikati ya ukijani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akafungua ramani. "Ramani ilikuwa tupu, mjomba. Nikasema nitaendelea kesho." Kesho hiyo haikufika.

Kwa asiyeujua mchezo huu, uliotengenezwa na kikundi kidogo cha Team Cherry cha Adelaide, Australia, na kutoka mwaka 2017, ni muhimu kueleza jinsi ramani yake inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo kisa chote kilipolala. Ramani haitolewi bure. Kila eneo lina ramani yake, na huuzwa na mchoraji aitwaye Cornifer, ambaye kwanza ni lazima umtafute ndani ya eneo lenyewe kwa kufuata karatasi alizodondosha na sauti yake anapojiimbia. Mpaka umpate, ramani ya eneo hilo haipo. Ukishainunua, unapata mchoro usiokamilika, na ili uendelee kujichorea vyumba unavyopita unahitaji kalamu, inayouzwa kijijini na mke wake kwa geo 120. Hata ukiwa na kalamu, vyumba vipya huandikwa tu unapoketi kwenye benchi. Na hata ukiwa na hayo yote, ramani haikuonyeshi wewe uko wapi. Kwa hilo unahitaji hirizi ya dira, geo 220, na hirizi hiyo huchukua nafasi moja kati ya tatu ulizonazo mwanzoni, nafasi ambayo ungeweza kuipa hirizi ya kupigania.

Watengenezaji walifanya hivyo kwa makusudi, na kwa maoni yangu walifanya vizuri: kupotea ndiyo ladha yenyewe ya ufalme ule ulioanguka. Ila ladha hiyo humtaka mtu awe na dira mapema au awe na kumbukumbu iliyo moto. Mpwa wangu hakuwa na dira, kwa sababu fedha yake ilikwenda kwenye robo ya barakoa. Hakuwa na ramani ya Greenpath, kwa sababu hakumwona Cornifer. Na kumbukumbu yake ilikuwa imepozwa na siku nne za mitihani. Isitoshe, ukitoka kwenye mchezo kwa utaratibu, ulichokusanya huhifadhiwa, lakini ukirudi unaanzia kwenye benchi la mwisho uliloketi, wala si pale ulipoishia. Kwa mtu anayecheza vipindi vya dakika arobaini kabla betri haijaisha, sehemu kubwa ya kila kipindi huwa ni kurudia njia.

Nilidhani nimekwisha kupata jibu, lakini kisa chake kilikuwa na nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na ilinibidi nizitenganishe. Uzi wa kwanza ni hasara. Ukifa katika Hollow Knight, geo zako zote hubaki kwenye kivuli mahali ulipofia, na chombo chako cha nguvu hupasuka hadi ukishinde kivuli hicho. Ukifa tena kabla hujakifikia, fedha zimekwenda moja kwa moja. Uzi wa pili ni kupotea. Alipoteza fedha kwa sababu hakuijua njia ya kurudi kwenye kivuli, kwa hiyo mambo hayo mawili yalimtokea kwa pamoja, na maumivu ya moja yangeweza kupewa jina la jingine. Tofauti si ndogo. Kama kilichomfukuza ni hasara, inabidi nimtafutie mchezo unaosamehe, hata kama dunia yake ni ya kuzunguka. Kama ni kupotea, naweza kumpa mchezo wenye hasara kali ilimradi aone aendako.

Swali la kumwuliza "je, fedha zisingepotea ungeendelea?" halina faida kubwa, kwa kuwa linamrudisha kwenye kubuni. Shahidi bora alikuwa maktaba yake. Ndani yake kulikuwa na Dead Cells, mchezo wa mwaka 2018, akiwa ameucheza kwa zaidi ya saa ishirini na tano. Katika mchezo huo, ukifa unapoteza silaha, dhahabu na seli zote ambazo hujazitumia, na unarudishwa kwenye gereza la mwanzo kabisa. Hasara yake ni kali kuliko ya Hollow Knight. Lakini ramani yake hujichora yenyewe kadiri unavyotembea, na daima mwelekeo ni mmoja: mbele, kwenye mlango wa kutokea. Mtu anayevumilia hasara ile kwa saa ishirini na tano hakufukuzwa na geo mia mbili.

Upande wa pili kulikuwa na Subnautica, ulioachwa kwenye saa ya nne. Mchezo huo wa chini ya bahari hauna ramani. Mchezaji hutengeneza dira yake mwenyewe na kupanda maboya ya kumwongoza. Shahidi huyu sikumwamini peke yake, kwa sababu Subnautica pia hutisha, na huenda kijana aliogopa giza la kina kirefu tu. Nikamwuliza swali moja la ziada, tena kuhusu mchezo alioupenda: katika Celeste, ni sura gani aliipenda kidogo kuliko zote?

Alijibu papo hapo. "Ile ya hekalu la vioo. Nilizunguka sana kutafuta funguo."

Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko mengine yote, na inafaa nieleze kwa nini. Sura ya hekalu ni ya tano. Vidole ni vilevile, picha ni zilezile, kifo hakigharimu kitu kama katika sura nyingine, na sura za sita na saba zinazofuata zinadai ustadi zaidi. Kinachobadilika hasa ni kwamba hekalu lina matawi na giza, na mchezaji hutafuta funguo bila kujua ni tawi gani amelimaliza. Yaani ndani ya mchezo mmoja anaoupenda, kila kitu kikiwa kimeshikiliwa sawa, palipobadilika mpangilio wa njia ndipo raha yake iliposhuka. Ni mara chache kupata ulinganisho safi namna hiyo, na ningeukosa kama ningeendelea kuuliza juu ya mchezo alioacha peke yake.

Nilikuwa karibu kuandika kwamba kijana huyu hapendi kuvumbua, na hilo nalo lingekuwa kosa. Celeste ina stroberi 175 za kawaida zilizofichwa pembeni ya njia, ambazo hazihitajiki kabisa kumaliza hadithi, naye alikuwa amekusanya zaidi ya mia moja. Alikuwa amepata pia kanda kadhaa zilizofichwa zinazofungua matoleo ya pili ya sura, yale magumu zaidi. Mtu asiyependa kuvumbua hapekui kuta kwa ajili ya tunda la hiari. Tofauti ni kwamba stroberi hutafutwa ndani ya chumba au njia ambayo mipaka yake anaiona, na daftari humwambia amepata ngapi katika ngapi. Nikaandika hukumu yangu kwa sentensi moja ili nisiweze kuipindisha baadaye: anapenda kutafuta ndani ya mahali anapopajua, na huacha pale asipoweza kujua yuko wapi na amebakiza nini, hasa akirudi baada ya siku kadhaa.

Pendekezo la pili, kwa hiyo, lilitakiwa kushikilia kila kitu cha Hollow Knight alichokivumilia na kubadilisha lile moja tu. Ilinijia kwanza kumrudisha kwenye Hollow Knight yenyewe: akusanye geo 340, anunue kalamu na dira, kisha amtafute Cornifer kabla ya jambo jingine lolote. Hilo lingekuwa jaribio safi kuliko yote, wala lisingemgharimu shilingi. Alikataa, nami sikumlazimisha. Mchezo ulioachwa hubeba kinyongo, na mtu akirudi kwa kuombwa na mjomba wake atacheza kwa heshima badala ya hamu. Matokeo yake yasingenifundisha kitu.

Ilinijia pia Tales of Kenzera: ZAU, mchezo wa mwaka 2024 wa studio ya Surgent iliyoanzishwa na Abubakar Salim, unaotokana na masimulizi ya Kibantu na unaoweza kusikilizwa kwa Kiswahili. Nakiri kwamba nilitamani sana kumpa huo. Lakini tamaa hiyo ilikuwa yangu, na ndiyo aina ya upendeleo unaoharibu kazi hii. Zau husonga mbele kwenye mstari ulionyooka zaidi, kwa hiyo kama angeupenda nisingejua ni kwa sababu ya ramani au ni kwa sababu hapakuwa na dunia ya kuzunguka hata kidogo. Niliuweka akiba.

Nilichagua Ori and the Will of the Wisps wa mwaka 2020. Ni dunia moja iliyoungana, yenye milango inayofunguka kadiri unavyopata uwezo mpya, na yenye kudai vidole hodari. Ramani yake huonyesha daima mahali ulipo bila malipo, na huweka alama pale hadithi inapokutaka uende. Mchezo hujihifadhi wenyewe mara kwa mara, kwa hiyo ukifa unarudi sekunde chache tu nyuma. Msomaji makini atasema kwamba nimebadilisha mawili kwa mpigo, kupotea na hasara, na ni kweli. Ila suala la hasara lilikuwa limekwisha kujibiwa na Dead Cells. Kulibadilisha hakukunichanganyia hesabu.

Kabla hajauanza niliandika utabiri, kwa sababu bila utabiri kila matokeo huonekana kama uthibitisho. Niliandika kwamba kama tatizo ni kutojua mahali alipo, atapita saa ya tano bila shida. Kama tatizo lake ni aina hii ya mchezo yenyewe, yaani kule kurudia maeneo na kuchagua njia, basi atalegea baada ya kinu cha maji, ambapo hadithi humwachia sehemu tatu azifuate kwa mpangilio autakao. Hapo ndipo dunia hufunguka, na hapo ndipo dhana zangu mbili zilitoa majibu tofauti. Nilitaka kuiona hatua hiyo hasa. Jumla ya saa isingenitosha.

Alifika kwenye kinu, akafa mara nyingi katika mbio za kuyakimbia maji yanayopanda, hakulalamika. Njia tatu zilipofunguka alikuwa kwenye saa ya tano. Kisha akanyamaza kwa siku tisa, nami nikaanza kuandaa maneno ya kujitetea. Kumbe alikuwa kwenye mazoezi ya vitendo nje ya mji. Aliporudi alifungua ramani, akaona alama tatu, akachagua ya madimbwi na kuendelea. Siku tisa ni zaidi ya mara mbili ya zile nne zilizomshinda mwanzo. Aliumaliza mchezo kwa saa kumi na mbili hivi.

Pamoja na hayo alikuja na lawama ambayo sikuitabiri. "Mzuri, mjomba, lakini ile alama inanishika mkono. Nikiifuata nafika tu." Nilipomwuliza ni lini alisikia hivyo kwa mara ya kwanza, alitaja eneo la barafu, ambako alikuwa ameona upenyo pembeni, akataka kuupekua, kisha akajiona anapoteza muda kwa sababu alama ilikuwa upande mwingine. Hukumu yangu, basi, ilikuwa na sehemu mbili nilizoziunganisha bila kujua. Kujua yuko wapi na amebakiza nini ni jambo moja. Kuambiwa aende wapi ni jingine. La kwanza analihitaji. La pili linamnyang'anya zile stroberi zake.

Kwa hiyo safari hii nimempendekezea Prince of Persia: The Lost Crown, uliotoka Januari 2024, na nimemwambia asiuchague mpangilio wa kuongozwa, ule unaoweka alama ya lengo, bali ule wa kuvumbua. Ramani yake humwonyesha mahali alipo bila dira ya kununua. Pia ina kitu ambacho kwa kijana huyu naona kinafaa kuliko alama yoyote: mchezaji anaweza kupiga picha ya mahali penye mlango asioweza kuufungua, na picha hiyo hubandikwa kwenye ramani mahali penyewe. Akirudi baada ya wiki ya mitihani, atakuta mwandiko wake mwenyewe. Akizidiwa, mpangilio unaweza kubadilishwa wakati wowote katikati ya mchezo, na siku atakayoubadilisha itakuwa ushahidi wangu unaofuata.

Hofu yangu sasa ni juu ya miti ambako mchezo huo huhifadhiwa, ambayo imewekwa mbali mbali kuliko vituo vya Ori, na betri yake haijapata kuwa mpya. Kwenye karatasi ya utabiri nimeandika kwamba akiacha kabla ya saa ya nne, nitamwuliza kwanza umbali kati ya mti wa mwisho na mahali alipozimikiwa, kabla sijamwuliza lolote kuhusu ramani. Anasubiri bei ipungue.